Wasilisho la kujitathmini kazini

Wasilisho la kujitathmini kazini ni maelezo ambayo mfanyakazi huyaandika na kuyatoa mbele ya msimamizi wake mwishoni mwa mwaka wa kazi. Ndani yake anaonyesha malengo waliyokubaliana, kiasi alichofikia, ushahidi wa matokeo hayo, na maeneo ambayo bado hayafanyi vizuri. Maelezo hayo hutangulia alama za msimamizi, nayo ndiyo msingi wa mazungumzo ya tathmini ya mwaka.

Makala hii inaeleza namna wasilisho hilo linavyoandaliwa katika utumishi wa umma wa Tanzania. Mfano unaotumika ni wa mwalimu wa Hisabati katika shule ya sekondari ya kata, kwenye mazingira kama ya Mwankoko, kata ya Manispaa ya Singida katika Mkoa wa Singida. Mwalimu huyo na takwimu zake ni vya kubuni kwa ajili ya kufundishia, lakini utaratibu unaoelezwa ni wa kweli.

## Historia fupi

Kwa miaka mingi watumishi wa umma nchini Tanzania walipimwa kwa taarifa ya siri. Msimamizi alijaza fomu peke yake na kuipeleka ngazi ya juu, na kwa kawaida mtumishi hakujua kilichoandikwa juu yake. Chini ya utaratibu huo hapakuwa na haja ya mtumishi kujitathmini, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Hali ilibadilika mwezi Julai 2004, Serikali ilipoanzisha Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi kwa Waraka wa Utumishi Na. 2 wa mwaka 2004. Mfumo huo, unaojulikana zaidi kwa kifupisho chake cha Kiingereza, OPRAS, ulitekelezwa chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002. Neno "wazi" ndilo lililokuwa kiini chake: mtumishi na msimamizi walikubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka, waliyapitia pamoja katikati ya mwaka, na mwishoni kila mmoja alitoa alama yake kabla ya kufikia alama ya makubaliano.

Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 Serikali ilihamishia kazi hiyo kwenye mfumo wa kielektroniki uitwao PEPMIS, ambao watumishi huuingia kupitia tovuti ya ess.utumishi.go.tz. Huko kazi hugawanywa katika vipande vidogo na utekelezaji hujazwa mwaka unavyoendelea, badala ya kusubiri Juni. Hata hivyo maswali ambayo mtumishi anapaswa kuyajibu hayajabadilika: ulikubali kufanya nini, umefanya kiasi gani, na unathibitishaje?

## Fomu na alama zake

Fomu ya OPRAS ilikuwa na sehemu nane, na aliyeandika wasilisho alipaswa kujua zilivyotegemeana. Ya kwanza ni taarifa binafsi. Ya pili ni makubaliano ya utendaji: malengo, shabaha za kila lengo, vigezo vya kupimia, na rasilimali zinazohitajika. Ya tatu ni mapitio ya nusu mwaka yanayofanyika Disemba, na ya nne ni ya malengo yaliyorekebishwa baada ya mapitio hayo. Sehemu ya tano ndiyo tathmini ya mwaka, iliyofanyika Juni. Ya sita hupima sifa za utendaji bora, kama uhusiano kazini, mawasiliano, uwajibikaji na uadilifu. Ya saba hutoa wastani wa jumla, na ya nane hupendekeza tuzo, mafunzo au hatua nyingine.

Wasilisho la kujitathmini lilijengwa juu ya sehemu ya tano. Humo kila lengo lilikuwa na nafasi tatu za alama: ya mtumishi mwenyewe, ya msimamizi, na ya makubaliano. Alama zilikuwa kuanzia 1 hadi 5, na 1 ndiyo iliyokuwa bora kabisa. Mpangilio ulikuwa huu:

* 1 – utendaji uliotukuka
* 2 – utendaji wa juu ya wastani
* 3 – utendaji wa wastani
* 4 – utendaji hafifu
* 5 – utendaji hafifu sana

Kwa kuwa watu wengi wamezoea alama kubwa kuwa nzuri, walikuwapo waliojipa 5 wakidhani wamejisifu. Kosa hilo ni rahisi kuligundua, kwa kuwa maelezo husifia huku alama ikilaumu.

Maneno kama "wastani" na "hafifu" hayasemi yanaanzia wapi. Ni busara basi mtumishi na msimamizi wakubaliane mapema, Julai, kila alama itamaanisha nini kwa kila lengo. Katika mfano wetu mwalimu na mkuu wa shule walikubaliana hivi: 1 ni kulizidi lengo kwa wazi, 2 ni kulifikia, 3 ni kulikaribia, 4 ni kubaki mbali nalo, na 5 ni kutofanya lolote la maana. Makubaliano hayo hayamo katika fomu, lakini huondoa sehemu kubwa ya ubishi wa Juni.

## Mwaka wa fedha na mwaka wa shule

Ugumu wa kwanza kwa mwalimu ni kalenda. Tathmini hufuata mwaka wa fedha, yaani tarehe 1 Julai hadi 30 Juni, ilhali shule hufuata mwaka wa Januari hadi Disemba. Hivyo mwaka mmoja wa tathmini hukata madarasa mawili tofauti. Wanafunzi wa kidato cha pili aliokuwa nao Julai watafanya upimaji wa taifa Novemba na kuondoka darasani humo, na Januari ataanza na wengine ambao hajawahi kuwafundisha.

Jambo hili lina matokeo mawili. Kwanza, matokeo ya upimaji wa Novemba hutoka Januari kwa kawaida, yaani baada ya mapitio ya Disemba. Kwa hiyo mapitio ya nusu mwaka yatazame kazi iliyofanyika, kama vipindi na mazoezi, na si ufaulu ambao bado haujulikani. Pili, lengo linalosema tu "kuongeza ufaulu wa kidato cha pili" halieleweki, kwa sababu halisemi ni kidato cha pili kipi. Mwalimu anatakiwa kuandika lengo moja kwa darasa la Julai hadi Novemba, na jingine kwa darasa jipya linaloanza Januari. La pili linaweza kuandikwa katika sehemu ya nne, baada ya wanafunzi wapya kufanya jaribio la kwanza na hali yao ya kuanzia kujulikana.

## Lengo linalopimika

Lengo hupimika likiwa na vitu vinne: hali ya kuanzia, hali inayotarajiwa, idadi kamili ya wanaohusika, na tarehe ya mwisho. Kikikosekana kimoja, matokeo ya Juni yanaweza kusomwa namna mbili au tatu, na kila mtu atachagua usomaji unaompendeza.

Mwalimu wetu alikuwa na mikondo miwili ya kidato cha pili yenye wanafunzi 84. Katika mtihani wa Juni, kabla ya mwaka wa tathmini kuanza, wanafunzi 21 walipata alama D au zaidi, yaani walifikisha angalau 30 kati ya 100. Hiyo ni asilimia 25. Lengo likaandikwa hivi: "Kati ya wanafunzi 84 wa kidato cha pili walioandikishwa Julai, 34 wapate D au zaidi katika Hisabati kwenye upimaji wa taifa wa Novemba." Hiyo ni karibu asilimia 40.

Lengo la pili lilihusu majaribio ya kila mwezi: "Kurudisha karatasi zilizosahihishwa ndani ya siku 7 kwa majaribio yote 8 ya mwaka." La tatu lilihusu vipindi: "Kufundisha angalau vipindi 150 kati ya 160 vilivyopangwa."

Malengo matatu yanatosha kwa mfano huu, na hata katika hali halisi malengo machache yanayofuatiliwa ni bora kuliko kumi yaliyosahaulika Agosti. Tazama pia kwamba si yote ya aina moja. La kwanza ni matokeo kwa mwanafunzi, ambayo mwalimu anachangia lakini hayamiliki peke yake. La pili na la tatu ni kazi iliyo mikononi mwake karibu yote. Mwalimu akiweka malengo ya ufaulu pekee, ataweza kusifiwa au kulaumiwa kwa mambo yasiyo yake. Akiweka ya shughuli pekee, anaweza kutimiza yote bila mwanafunzi hata mmoja kujua zaidi.

## Kukusanya ushahidi

Wasilisho la Juni huandikwa kwa vitu vilivyotunzwa tangu Julai. Kwa mwalimu, ushahidi mwingi uko shuleni tayari: azimio la kazi, maandalio ya masomo, daftari la mahudhurio, orodha za alama, na matokeo ya upimaji yanayotangazwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Kinachokosekana mara nyingi ni tarehe. Orodha ya alama huonyesha nani alipata ngapi, lakini haisemi karatasi zilirudi lini.

Mwalimu wetu alitumia daftari moja lenye safu nne: tarehe, kilichofanyika, idadi, na mahali ushahidi ulipo. Kila Ijumaa aliandika mistari miwili au mitatu. Mwishoni mwa mwaka hakulazimika kukumbuka lolote, alihesabu tu. Katika PEPMIS kazi kama hii hufanywa ndani ya mfumo, lakini daftari bado linafaa pale mtandao unaposumbua.

Jinsi ya kutambua ushahidi dhaifu ni kujiuliza kama mtu mwingine anaweza kuhesabu upya na kupata jibu lile lile. "Wanafunzi wamehamasika" haihesabiki. "Kati ya wanafunzi 84, 61 waliwasilisha zoezi la Septemba" inahesabika, kwa sababu mkuu wa shule anaweza kuomba orodha.

## Kusoma matokeo kwa uaminifu

Matokeo yalipotoka Januari, wanafunzi 31 walikuwa wamepata D au zaidi. Lakini waliofanya upimaji walikuwa 79, si 84. Wawili walihamia shule nyingine na watatu waliacha shule. Hapo ndipo hesabu inapoweza kuandikwa kwa njia tatu:

* 31 kati ya 79 waliofanya upimaji, sawa na asilimia 39
* 31 kati ya 82, wakiondolewa waliohama tu, sawa na asilimia 38
* 31 kati ya 84 walioandikishwa Julai, sawa na asilimia 37

Zote ni hesabu sahihi, ila hazisemi jambo moja. Ya kwanza inavutia kwa sababu inakaribia sana asilimia 40, lakini inawafuta wanafunzi watatu walioacha shule kana kwamba hawakuwahi kuwepo. Mtu akizoea hesabu hiyo, kila mwanafunzi dhaifu anayeacha shule "humpandishia" ufaulu. Ya pili ina hoja, kwa kuwa waliohama bado wanasoma mahali pengine. Ya tatu ndiyo iliyoandikwa katika lengo. Kanuni rahisi ni kutumia idadi ile ile iliyoandikwa mwanzoni, kisha kueleza kwa sentensi moja kilichobadilika. Mwalimu aliandika 31 kati ya 84, akataja waliohama wawili na walioacha watatu.

Swali la pili ni la ulinganisho. Mtihani wa Juni ulitungwa shuleni, na upimaji wa Novemba ulitungwa na Baraza. Mitihani hiyo miwili haina ugumu uleule, kwa hiyo kutoka 21 hadi 31 hakuthibitishi peke yake kwamba wanafunzi wameongezeka ujuzi kwa kiasi hicho. Mwalimu aliongeza ulinganisho mwingine: kidato cha pili cha mwaka uliotangulia, wanafunzi 18 kati ya 72 walipata D au zaidi, yaani asilimia 25, katika upimaji wa taifa pia. Ulinganisho huo nao una kasoro, kwa kuwa ni wanafunzi tofauti. Lakini vielekezo viwili vyenye kasoro tofauti vikionyesha upande mmoja, hoja huwa na nguvu kuliko kimoja.

Swali la tatu ni ukubwa wa tofauti. Lengo lilikuwa 34, wakapatikana 31. Wanafunzi watatu kati ya 84 ni tofauti ndogo. Malaria katika wiki ya mitihani inaweza kuileta. Hata hivyo lengo halikufikiwa, na wasilisho linapaswa kusema hivyo waziwazi. Udogo wa pengo hufaa kuelezwa, lakini hauligeuzi pengo kuwa mafanikio.

Swali la nne ni la mchango. Ufaulu haukuletwa na mwalimu mmoja. Ikiwa mwenzake alisaidia marudio ya Jumamosi, jina la kazi hiyo liwekwe. Kutaja mchango wa wengine hakumshushi mwandishi; humlinda dhidi ya swali ambalo mkuu wa shule tayari anajua jibu lake.

## Eneo la kuboresha

Sehemu inayowashinda wengi ni ya udhaifu. Baadhi huandika udhaifu ambao ni sifa iliyovaa kanzu: "Nafanya kazi kupita kiasi." Wengine huandika udhaifu wa mtu mwingine: "Wazazi hawashirikiani." Na wengine huacha nafasi wazi wakihofia kwamba maneno yao yatatumika dhidi yao. Hofu hiyo si ya bure, kwa sababu tathmini hufikiriwa wakati wa kupandishwa cheo. Ndiyo maana eneo la kuboresha huandikwa kwa mpangilio unaomwezesha msomaji kuona tatizo pamoja na hatua, si ungamo tu.

Mpangilio huo una sehemu tano: jambo lenyewe kwa takwimu, sababu iliyo upande wa mtumishi, sababu iliyo nje yake, hatua atakayochukua, na kipimo cha mwaka unaofuata.

Katika lengo la pili mwalimu alishindwa. Majaribio 8 yalirudi baada ya siku 5, 6, 7, 12, 14, 16, 19 na 21. Ni matatu tu yaliyorudi ndani ya siku 7. Angeweza kuandika kwamba "kwa wastani" karatasi zilirudi baada ya siku 12 na nusu, na hilo ni kweli, lakini wastani huo unaficha kwamba darasa moja lilisubiri wiki tatu. Mwanafunzi anayerudishiwa karatasi baada ya wiki tatu ameshaingia mada nyingine, na kosa lake halisahihishwi tena. Aliandika hivi:

> "Majaribio 3 kati ya 8 yalirudi ndani ya siku 7, lililochelewa zaidi lilichukua siku 21. Kwa upande wangu, nilipanga jaribio la kidato cha pili na la kidato cha kwanza katika wiki moja, nikawa na karatasi 180 kwa pamoja. Kwa upande mwingine, kuanzia Agosti niliongezewa mkondo mmoja wa kidato cha kwanza baada ya mwalimu mwenzangu kwenda likizo. Mwaka ujao nitatenganisha majaribio hayo kwa wiki mbili na kupunguza maswali hadi matano. Kipimo: angalau majaribio 6 kati ya 8 yarudi ndani ya siku 7, na lisiwepo linalozidi siku 10."

Maelezo haya hayamwombi mtu msamaha, wala hayamlaumu mtu. Sababu yake mwenyewe imetangulia, ya nje imefuata, na zote mbili zinaweza kuthibitishwa kwa ratiba ya shule. Hatua ni mbili na ziko ndani ya uwezo wake. Kipimo kipya ni cha chini kuliko kile cha majaribio yote 8, kwa sababu lengo la zamani lilikuwa kubwa mno kwa idadi ya karatasi, na kulirudia bila kubadili kitu kungekuwa kuahidi kushindwa.

Udhaifu unaofaa kuandikwa ni ule unaogusa lengo, unaoweza kubadilika ndani ya mwaka mmoja, na ambao msimamizi anaweza kuusaidia. Mambo binafsi yasiyohusu kazi hayana nafasi hapo. Ikiwa kinachohitajika ni mafunzo, yatajwe kwa jina la ujuzi unaokosekana, kwa mfano kufundisha jometri kwa kutumia vifaa vya mazingira, kwa kuwa sehemu ya nane ya fomu ya OPRAS ndiyo iliyokuwa mahali pa kupendekeza hatua kama hizo.

## Sababu za nje

Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia takriban Disemba hadi Aprili, na familia nyingi hutegemea kilimo cha mtama, uwele, alizeti na vitunguu. Katika miezi ya kulima na kupalilia mahudhurio ya shule yanaweza kushuka. Mwalimu ana haki ya kulitaja hilo, lakini kwa masharti mawili.

Kwanza, atoe takwimu. "Wanafunzi hawakuja kwa sababu ya kilimo" ni dai. "Mahudhurio ya Februari yalikuwa wastani wa wanafunzi 66 kati ya 90, yakapanda hadi 83 mwezi Mei" ni taarifa. Pili, aeleze alichofanya baada ya kuliona tatizo, kwa kuwa msimu wa mvua hurudi kila mwaka na haumshangazi mkazi wa Mwankoko. Sababu inayojulikana Julai inatakiwa iingie katika kupanga lengo. Ikiletwa Juni kwa mara ya kwanza, inasikika kama kisingizio hata kama ni kweli.

Kwa sababu zisizotarajiwa, kama mwalimu kuongezewa darasa, mahali pake ni mapitio ya Disemba. Hapo lengo linaweza kurekebishwa kwa makubaliano. Katika mfano wetu mwalimu hakuomba marekebisho Disemba, ingawa mzigo wake ulikuwa umeongezeka tangu Agosti. Kwa hiyo Juni alipimwa kwa lengo la zamani. Hilo nalo ni kosa lake, na alilikubali.

## Siku ya kuwasilisha

Mazungumzo ya tathmini si hotuba. Ukurasa mmoja na dakika kama 15 vinatosha kwa malengo matatu. Kila lengo hupewa mistari minne: lilivyoandikwa Julai, lilipofikia, ushahidi ulipo, na alama ambayo mtumishi anajipa pamoja na sababu. Baada ya malengo yote hufuata eneo la kuboresha, kisha msaada unaoombwa. Maneno ya utangulizi kuhusu bidii na uzalendo hayaongezi alama, na hula muda wa mambo yenye ushahidi.

Mwalimu alijipa 3 kwa ufaulu, kwa kuwa alilikaribia lengo bila kulifikia. Alijipa 4 kwa majaribio. Kwa vipindi alijipa 2: vipindi 18 kati ya 160 vilipotea, 11 kwa shughuli za shule na 7 kwa udhuru wake, naye akafidia 9 siku za Jumamosi. Jumla akafundisha 151, na lengo lilikuwa 150.

Mkuu wa shule alikubali alama mbili za kwanza, lakini kwa vipindi alitoa 3. Hoja yake ilikuwa kwamba vipindi vya Jumamosi vilihudhuriwa na wanafunzi 38 tu kwa wastani kati ya 84, hivyo kuvihesabu kama vipindi kamili si haki. Mwalimu alijibu kwamba lengo lilisema vipindi vitakavyofundishwa, si mahudhurio. Wote wawili walikuwa na hoja. Walikubaliana alama 2 kwa mwaka huo, kwa sababu mtu hupimwa kwa lengo lililoandikwa, na mwaka unaofuata lengo likaongezewa maneno: kipindi cha kufidia kihesabiwe tu ikiwa angalau nusu ya darasa wamehudhuria.

Mfano huo unaonyesha faida ya kujipa alama kwa sababu zilizoandikwa. Kwa kuwa mwalimu alikuwa amejipa 3 na 4 pale alipostahili, hoja yake ya 2 ilisikilizwa. Anayejipa 1 kila mahali hubaki bila uzito pale anapostahili kweli. Wasipokubaliana kabisa, mtumishi aandike maoni yake katika nafasi iliyotengwa kwenye fomu, kwa lugha ya utulivu na kwa kutaja ushahidi, badala ya kukataa kusaini bila maelezo.

## Kwa kazi nyingine

Njia hii hutumika pia nje ya shule, ila kipimo hubadilika. Mwankoko kuna visima vinavyochangia maji ya mji wa Singida. Fundi wa pampu hawezi kujipima kwa lita zilizosukumwa pekee, kwa kuwa umeme ukikatika hana la kufanya. Kipimo cha haki zaidi kwake ni saa ambazo pampu ilisimama kwa hitilafu ya mitambo, zikitengwa na saa za kukosa umeme, pamoja na muda uliopita tangu hitilafu iliporipotiwa hadi ilipotengenezwa. Kwa muuguzi wa zahanati, idadi ya wagonjwa waliofika haionyeshi ubora wa kazi yake, lakini idadi ya watoto waliokamilisha chanjo kati ya walioanza huonyesha zaidi.

## Mipaka ya kujitathmini

Takwimu hufuata kinachohesabika, na si kila kilicho muhimu kinahesabika. Mwalimu aliyemrudisha shuleni mwanafunzi mmoja kwa kwenda nyumbani kwao mara tatu hataona kazi hiyo katika asilimia. Mambo ya namna hii huandikwa kwa sentensi moja au mbili kama tukio, yakiwa na tarehe, chini ya malengo, bila kulazimishwa kuwa namba.

Hatari nyingine ni watu kuanza kufukuza kipimo badala ya kazi. Mwalimu anayepimwa kwa wanafunzi wanaofikisha alama 30 anaweza kuwashughulikia wale wenye 25 hadi 29 tu, akawaacha wenye 10 na wenye 60. Dalili yake huonekana katika orodha ya alama: wengi hujazana juu kidogo ya 30, na kundi la chini halisogei. Msimamizi mwenye uzoefu huomba orodha nzima na si asilimia peke yake, na mtumishi mwaminifu huipeleka kabla hajaombwa.

Mwisho, wasilisho hufanya kazi pale tu malengo yalipoandikwa kweli mwanzoni mwa mwaka. Fomu iliyojazwa yote kwa siku moja mwezi Juni, malengo na matokeo kwa pamoja, hutambulika haraka: kila lengo limefikiwa kikamilifu, hakuna tarehe za katikati, na sehemu ya Disemba ina wino ule ule wa Juni. Fomu ya namna hiyo haiwezi kumsaidia mtumishi akija kudai haki yake, kwa kuwa haina chochote kinachoweza kuhesabiwa upya.